Kontena Moja, Jumbe Mbili

Tarehe 22 Januari 2003, mhandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, aitwaye Rodney Rocha, aliandika barua pepe kali kuliko zote alizokuwa ameandika wiki ile. Chombo cha anga cha Columbia kilikuwa angani na watu 7 ndani yake. Siku kiliporuka, tarehe 16, sekunde zipatazo 82 baada ya kuondoka ardhini, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Rocha na wenzake walitaka jeshi liombwe kulipiga picha bawa hilo ili wajue limeumia kiasi gani. Ombi likafutwa na uongozi wa safari.

Katika barua ile Rocha alisema wazi kwamba kutoomba picha ni uamuzi wa makosa, unaokaribia kuwa wa kutowajibika, na kwamba bawa likiwa limeumia vya kutosha, hatari yake inaweza kuwa kubwa sana. Akakumbusha hata mabango ya usalama yaliyobandikwa kila mahali katika majengo ya NASA, yanayomtaka mfanyakazi aseme anapoona jambo si salama.

Hakuituma. Aliichapisha kwenye karatasi akamwonyesha mwenzake. Maneno yaliyokuwa yamefika kwa meneja wake siku moja kabla yalikuwa ya namna nyingine: yalikuja kama swali, akiuliza iwapo wanaweza kuomba, hata kwa kusihi, msaada wa taasisi ya nje. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika juu ya Texas ikirejea duniani, na wote 7 walikufa. Tume iliyochunguza ajali hiyo ilitoa ripoti yake Agosti mwaka uleule, na barua zote mbili zimo, ile iliyotumwa na ile iliyobaki mezani.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba barua ya pili ingewaokoa watu wale. Lakini inaonyesha kwa uwazi wa kuumiza jambo linalotokea kila siku katika ofisi zetu, kwa mambo madogo zaidi. Mtu ana habari moja. Akimweleza mwenzake wa karibu, habari inatoka nzima, na hofu yake na hesabu yake. Akimwandikia mkubwa, inatoka imevaa suti, na mara nyingi viungo viwili vitatu vimebaki nje.

Kubadili lugha kulingana na msomaji ni stadi, wala si unafiki. Mswahili huifundishwa tangu utotoni: hamsalimii babu kama anavyomsalimia rafiki wa mtaani. Tatizo huanza pale heshima inapochukua na uzito wa habari. Ili kuona mpaka uko wapi, tuchukue mfano mmoja wa ofisini na kuufuata hadi mwisho.

Tuseme kuna kiwanda cha juisi jijini Dar es Salaam. Kila siku ya kazi kinatumia vifuniko vya chupa 40,000. Ni Jumatatu jioni, stoo imebaki na vifuniko 160,000, na kontena la vifuniko vipya limefika bandarini lakini halitoki. Sababu ni tarakimu mbili zilizogeuzwa: mzigo una kilo 4,680, lakini hati ya shehena iliyotolewa na kampuni ya meli inasema kilo 6,480. Forodha haiwezi kupitisha mzigo ambao karatasi zake hazisemi kitu kimoja. Kampuni ya meli lazima irekebishe manifesti yake kwanza, na wakala wa forodha anakadiria kwamba kontena litatoka Jumanne ya wiki ijayo jioni.

Afisa ugavi wa kiwanda anajua jambo moja zaidi. Rasimu ya hati ile ililetwa kwake kabla meli haijang'oa nanga, naye aliipitisha bila kulinganisha uzito.

Kabla ya kwenda nyumbani ana watu wawili wa kuwaarifu. Mmoja ni msimamizi wa uzalishaji, rafiki yake wa miaka mingi, wanakula chakula cha mchana meza moja. Mwingine ni Mkurugenzi Mtendaji.

Kwa rafiki anaandika hivi kwenye simu, kwa dakika moja:

"Kaka vipi. Lile kontena la vifuniko limekwama bandarini. Wale jamaa wamegeuza namba, hati ya shehena inasema 6,480, mzigo wenyewe 4,680, na mimi rasimu niliipitisha bila kuangalia. Wakala anasema Jumanne ijayo jioni ndiyo tunalipata. Stoo bado ni 160,000? Kama ndiyo, Ijumaa jioni tumekauka kabisa. Usimwahidi mteja chochote cha Jumamosi mpaka nikwambie. Kesho namwomba bosi tununue 120,000 za hapa mjini. Ukitoka kwenye laini nipigie."

Ni ujumbe mzuri. Hauna salamu ndefu kwa sababu walisalimiana asubuhi. Umesema kilichotokea, nani alikosea, lini kitaisha, nini kifanyike na nini kisifanyike. Swali moja limeulizwa, la stoo, kwa mtu pekee mwenye jibu. Neno "tumekauka" linatosha kwa mtu anayezijua mashine zile. Msimamizi akimaliza kusoma anajua afanye nini kesho asubuhi.

Kisha afisa anafungua barua pepe kwa ajili ya Mkurugenzi. Hapo mikono inabadilika. Wengi wetu, tukiwa na habari ileile, tungeandika kitu cha namna hii:

"YAH: TAARIFA KUHUSU MZIGO WA VIFUNIKO. Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, shikamoo. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya ujenzi wa kampuni yetu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kwamba mzigo wetu umepata changamoto kidogo za kinyaraka bandarini ambazo zinashughulikiwa na wahusika. Kutokana na hali hiyo kunaweza kukawa na ucheleweshaji kiasi. Tutaendelea kukupa taarifa kadiri hali itakavyokuwa. Naomba kuwasilisha."

Hakuna neno la uongo hapo, na heshima imejaa tele. Hata hivyo Mkurugenzi akiisoma hataona sababu ya kufanya lolote. Atajibu "Sawa, asante," au hatajibu kabisa. Jumamosi mashine zitakaposimama atauliza kwa nini hakuambiwa, na afisa atamwonyesha barua. Kila mmoja atajiona ana haki.

Inafaa kuitazama barua hii kwa karibu, kwa sababu makosa yake ni ya kawaida mno. "Changamoto kidogo" imechukua nafasi ya kontena lililozuiwa. "Ucheleweshaji kiasi" umechukua nafasi ya Jumanne ya wiki ijayo. Ijumaa, siku vifuniko vitakapokwisha, haimo popote. Idadi ya 160,000 haimo. Rafiki alipewa namba zote, ilhali mtu mwenye mamlaka ya kutoa fedha hakupewa hata moja.

Kasoro ya pili imejificha kwenye sarufi. "Umepata changamoto", "zinashughulikiwa", "kunaweza kukawa": vitenzi vyote hivi havina mtu. Kiswahili kinaruhusu jambo litokee lenyewe, faili likapotea, fomu ikasahaulika, mzigo ukachelewa, bila yeyote kulipoteza, kuisahau wala kuuchelewesha. Katika mazungumzo ya kawaida ni njia ya adabu ya kutomwaibisha mtu, na ina faida zake. Katika taarifa ya kazi, msomaji hubaki hajui amuulize nani. Na "wahusika" ni neno la kuliogopa zaidi: linaonekana kutaja watu wakati halijamtaja hata mmoja.

Kubwa kuliko yote, barua haiombi kitu. Afisa alishaamua, na rafiki yake alishaambiwa, kwamba suluhisho ni kununua vifuniko hapa mjini. Alipofika mbele ya mkubwa, ombi likageuka ahadi ya kuendelea kutoa taarifa.

Ripoti ya Columbia ina ukurasa unaofanana sana na barua hii. Wahandisi waliochunguza lile pigo la povu walitayarisha maelezo ya kuonyeshwa kwa wakuu kwenye skrini. Kichwa cha ukurasa huo kilikuwa cha kutuliza moyo, kikiashiria kwamba majaribio ya zamani yanatoa kinga ya kutosha. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko yote ukurasani, kulikuwa na mstari uliosema kwamba kipande kilichopiga bawa kilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 1,920, ilhali kile kilichotumika katika majaribio kilikuwa na inchi za ujazo 3. Yaani kipande halisi kilikuwa kikubwa mara 640. Namba hiyo peke yake ilibomoa kichwa cha habari kilichokuwa juu yake. Tume ililitaja jambo hili waziwazi: mkuu anayesoma ukurasa ule angeweza kabisa kutogundua kwamba maisha ya watu yamo hatarini.

Namba haikufichwa. Iliwekwa mahali ambapo haingemsumbua mtu, na ndivyo tunavyofanya wengi tunapoandika kwenda juu.

Turudi kwa afisa ugavi. Anachohitaji ni kuanza na ule ujumbe wa rafiki, kwa sababu ndio uliobeba ukweli wote. Aupigie mstari kila jambo ambalo ni tarehe, idadi, fedha, au kitendo cha mtu. Hayo ndiyo hayaguswi. Kisha ajiulize Mkurugenzi atafanya nini na kila moja. Msimamizi wa uzalishaji anaendesha mashine, hivyo anataka kujua mashine zitakosa nini na lini. Mkurugenzi anaamua juu ya fedha na ahadi kwa wateja, hivyo anataka kujua hasara, gharama, na siku ya mwisho ya kuamua. Habari ni moja, lakini kila msomaji anaingilia mlango wake.

Hesabu nayo inahitaji kukamilishwa kabla ya kwenda juu. Vifuniko vikiisha Ijumaa na kontena likatoka Jumanne jioni, na Jumapili kiwanda hakifanyi kazi, basi siku zilizo wazi ni Jumamosi, Jumatatu na Jumanne. Siku 3 kwa vifuniko 40,000 ni vifuniko 120,000. Tuseme msambazaji wa mjini anauza kifuniko kwa shilingi 40, na bei ya kawaida ya kuagiza nje ni shilingi 25. Ununuzi wote utagharimu shilingi 4,800,000, ambazo ni shilingi 1,800,000 zaidi ya kawaida. Msambazaji anahitaji siku 2 kuleta mzigo. Kwa rafiki hakukuwa na haja ya fedha hizi. Kwa Mkurugenzi ndizo kiini cha barua.

Ikiandikwa upya, inakuwa hivi:

"YAH: OMBI LA IDHINI KABLA YA JUMATANO SAA 6 MCHANA, VIFUNIKO VYA CHUPA

Shikamoo Mkurugenzi.

Laini ya chupa itasimama Jumamosi asubuhi kwa siku 3 za kazi endapo hatutanunua vifuniko 120,000 hapa mjini. Naomba uidhinishe shilingi 4,800,000 kwa ununuzi huo. Ni shilingi 1,800,000 zaidi ya bei yetu ya kawaida.

Kontena letu limezuiwa bandarini kwa kuwa uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena haulingani na uzito wa mzigo. Marekebisho yameombwa leo, na wakala wetu wa forodha anatarajia litoke Jumanne ijayo jioni. Stoo ina vifuniko 160,000, vinavyotosha hadi Ijumaa. Msambazaji anahitaji siku 2, hivyo oda ikipita Jumatano mchana haitawahi.

Rasimu ya hati hiyo niliipitisha mimi bila kulinganisha uzito. Kuanzia leo kila rasimu italinganishwa na orodha ya upakiaji na watu wawili kabla ya kukubaliwa.

Nipo ofisini hadi saa 12 jioni, na kwa simu baada ya hapo."

Barua hii ni ndefu karibu mara mbili ya ile ya changamoto kidogo, lakini haijakosa adabu hata chembe. Salamu ipo. "Naomba" ipo. Hakuna aliyetupiwa lawama, hata yule muuzaji wa nje aliyegeuza tarakimu, ambaye kwa rafiki aliitwa "wale jamaa". Lakini Mkurugenzi anayeisoma kwenye simu akitoka kikao kimoja kwenda kingine atapata kwenye kichwa cha habari kinachoombwa na mwisho wake, na kwenye mstari wa kwanza kitakachotokea asipojibu. Anaweza kujibu kwa neno moja, na neno hilo litakuwa uamuzi.

Wapo watakaoona kwamba kuanza na ombi kabla ya maelezo ni kukosa staha. Ni hoja ya kweli katika mazungumzo ya ana kwa ana, ambako mgeni haingii na kutamka shida yake mlangoni. Barua ya kazi haina mlango wala mkeka. Kwa desturi zetu heshima hukaa kwenye salamu, kwenye cheo, kwenye "naomba" na kwenye namna ya kutomkatia mtu neno. Vyote hivyo vinaweza kubaki huku ombi likikaa juu. Kinacholegeza barua ni maneno kama "kama utapata nafasi", "kiasi fulani", "huenda ikawa vyema", yakitumika pale ambapo mwandishi mwenyewe hana shaka. Pale penye shaka ya kweli, yaandikwe, tena kwa kipimo. Afisa hakusema kontena litatoka Jumanne. Alisema wakala anatarajia hivyo. Tofauti hiyo ni ya lazima, na ilikuwemo katika jumbe zote mbili.

Sentensi ya kukiri kosa huwatisha wengi, na ni haki yao kuogopa, maana ofisi hazifanani. Ila tazama ilivyowekwa. Imekuja baada ya ombi na maelezo, ni moja tu, ina mtu na kitendo, na imefuatwa mara moja na kinachobadilika. Haina kujipiga kifua wala kuomba radhi kwa aya nzima. Mkurugenzi angeuliza "nani aliipitisha?" kwa vyovyote, na jibu lililokuja kabla ya swali lina uzito tofauti na lililovutwa kwa maswali matatu. Kwa rafiki kosa hilohilo lilipita ndani ya sentensi, "na mimi rasimu niliipitisha bila kuangalia", na likatosha.

Salamu nayo ina utata wake ambao miongozo ya barua kutoka ng'ambo haiugusi. Shikamoo hufuata umri, na cheo hakiamuru. Mtunza stoo wa miaka 55 hamwamkii shikamoo Mkurugenzi wa miaka 34. Akilazimisha, wote wawili wataona aibu. Kwake inafaa "Habari za kazi, Mkurugenzi," na heshima inabebwa na cheo. Mkurugenzi kijana mwenye malezi, kwa upande wake, atamjibu "Shikamoo mzee" kisha ndipo amkatalie au amkubalie ombi lake, na hakuna aliyepungukiwa. Katika ofisi nyingi za Nairobi shikamoo haisikiki sana kazini, na "Habari ya asubuhi" hutosha kwa mkubwa na mdogo. Zanzibar na Mombasa, "Asalaam aleikum" hufungua barua nyingi bila kuuliza cheo wala umri. Katika utumishi wa umma Tanzania "Ndugu" bado ni heshima kamili, na barua rasmi huanza na kumbukumbu namba na "YAH". Mwandishi anayejua ofisi yake hachukui muundo wa kwingine akaubandika. Salamu ya mstari mmoja inatosha popote. Aya nzima ya kuulizia afya inasukuma ombi nje ya skrini.

Ujumbe wa rafiki nao una hatari zake, ingawa watu huudharau. Ujumbe wa simu unapigwa picha na kusambazwa kwa sekunde. "Wale jamaa" inavumilika. Matusi kwa wakala au dhihaka kwa Mkurugenzi hayavumiliki yakimfikia. Hatari nyingine ni ya kusahau kuomba. Ukaribu unatufanya tuamini kwamba mwenzetu ataelewa tu, tukamwandikia "Kontena limekwama kaka, ni balaa," tukafunga simu. Hiyo ni barua ya changamoto kidogo iliyovaa kaptula. Afisa wetu aliokoa siku pale alipoandika "usimwahidi mteja chochote cha Jumamosi".

Kwamba inawezekana kuandika kwa sauti mbili bila kupunguza uzito, historia ya vyombo vilevile vya anga ina ushahidi wake. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, Utah, iliyotengeneza roketi za pembeni za vyombo hivyo, walikuwa na wasiwasi juu ya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Tarehe 31 Julai mmoja wao, Roger Boisjoly, alimwandikia makamu wa rais wa uhandisi wa kampuni. Ilikuwa waraka rasmi, wenye sentensi zilizopangwa. Ulianza kwa kusema lengo lake ni uongozi uelewe uzito wa tatizo, ukataja kwamba pete zikishindwa matokeo ni janga la kiwango cha juu kabisa na kupotea kwa maisha ya watu, ukaomba kundi maalumu litengwe kulishughulikia. Tarehe 1 Oktoba mwenzake Bob Ebeling alimwandikia Allan McDonald, mkuu wake wa karibu waliyefanya naye kazi ileile. Taarifa yake ya wiki ilianza na neno moja kwa herufi kubwa la kuomba msaada, ikaendelea kulalamika kwamba kundi lile linacheleweshwa kwa kila njia.

Mmoja aliandika kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa, mwingine kama mtu aliyemshika mwenzake mkono kwenye korido. Hakuna msomaji wa waraka wowote kati ya hizo mbili aliyeweza kudhani jambo ni dogo.

Hata hivyo chombo cha Challenger kilirushwa tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali, baada ya wahandisi hao kupinga usiku uliotangulia na mameneja wao kubadili msimamo. Kililipuka sekunde 73 baadaye, na watu 7 wakafa. Waraka mzuri humnyima mkubwa kisingizio cha kutojua. Haumlazimishi kusikia.

Kwa anayeandika, kuna jaribio la dakika mbili kabla ya kutuma. Aweke jumbe mbili kando kwa kando, ule wa mwenzake na ule wa mkubwa, na aangalie ni tarehe au namba gani imo katika mmoja na haimo katika mwingine. Iliyoachwa kwa sababu msomaji huyo haihitaji, kama kilo 6,480 na 4,680 kwa Mkurugenzi, iachwe. Iliyoachwa kwa sababu mkono ulisita, irudishwe. Kisha asome vitenzi na kuuliza kila kimoja kina nani. Mwisho atafute mstari wenye ombi. Ukiwa chini ya nusu ya barua, upande.

Na kwa anayepokea, wakurugenzi, wakuu wa idara, wenyeviti wa bodi: ikija barua yenye changamoto kidogo na wahusika wasio na majina, usijibu "Sawa, asante." Mpigie mwandishi umuulize mambo matatu: ni lini, ni kiasi gani, na unaomba nifanye nini. Akikujibu kwa namba, hata zikiwa mbaya, mshukuru kabla ya kuuliza nani alikosea, ili safari ijayo akuandikie alivyomwandikia rafiki yake.